Mapezi mawili ya Kilindoni na mzoga uliokatwa

*Shikamoo mtaalamu. Niko Kilindoni, Mafia. Asubuhi moja nikiwa kwenye boti nilipiga picha nne kwa simu: mapezi mawili meusi juu ya maji, yako sambamba. Nahodha anasema ni potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa, mwenzangu anasema ni papa wawili wa kawaida. Wiki hiyohiyo tukakuta mzoga ufukweni, urefu kama mita mbili, mapezi ya mgongoni yamekatwa. Vijana wanasema papa, mzee mmoja akasema huyo ni samaki taa. Picha zote nimekutumia. Ni wanyama gani hawa?*

Marahaba. Nianze na jibu lenyewe, kisha nikueleze nimelifikiaje. Yale mapezi mawili si ya papa. Ni ncha za mabawa ya taa mmoja mkubwa, manta au ndugu yake wa karibu. Na kuhusu mzoga, mzee wenu amesema kweli: ni taa, ingawa ukimtazama kwa nyuma utaapa ni papa. Ni yule samaki mwenye kichwa bapa cha umbo la kabari, ambaye wavuvi wengi wa pwani humwita charawanza.

Tuanze baharini. Kosa linalofanywa na karibu kila mtu mwenye picha ya pezi ni kutazama umbo la pezi kwanza. Umbo hudanganya sana, hasa asubuhi jua likiwa chini na wewe unapiga picha kuelekea kwenye mwanga. Hapo kila pezi ni jeusi, lina ncha kali na linatisha. Kabla ya umbo, uliza mambo mawili: mapezi yamekaaje, moja kwa jingine, na yanakwendaje.

Papa anayeogelea karibu na uso wa maji huonyesha pezi la mgongoni, na mara nyingi nyuma yake hutokea ncha ya juu ya mkia. Kwa hiyo papa mmoja anaweza kuonyesha mapezi mawili, lakini yako kwenye mstari mmoja, moja mbele na moja nyuma. La mbele linakata maji bila kuyumba. La nyuma linapiga kushoto na kulia, kwa sababu mkia wa papa umesimama wima. Pomboo mkia wake umelala, hivyo huwezi kuona ncha ya mkia ikimfuata nyuma kwa namna hiyo. Pezi lake hupanda, huviringika mbele na kuzama, na ukiwa karibu utasikia pumzi. Ukishatenganisha hawa wawili umemaliza nusu ya mabishano yote ya botini.

Picha zako haziingii kwenye kundi lolote kati ya hayo. Katika picha ya kwanza mapezi yako ubavu kwa ubavu, yote mawili yameinamia ndani kidogo. Katika ya pili yamefupika yote kwa pamoja. Ya tatu hayapo, kuna mviringo tu wa maji laini yasiyo na povu. Papa wawili wanaoogelea sambamba wakapandisha mapezi kwa pamoja, wakayafupisha kwa pamoja na kutoweka kwa pamoja ni jambo gumu kuamini. Taa mmoja anayekula juu ya maji hufanya hivyo kila anapopiga bawa.

Picha ya nne ndiyo iliyomaliza kazi, na nashukuru hukuifuta ingawa imetikisika. Pezi moja tu linaonekana, na ncha yake imejikunja. Ukikuza picha utaona upande mmoja ni mweusi na upande mwingine ni mweupe. Pezi la mgongoni la papa ni gumu. Halijikunji ncha hewani, na pande zake zote mbili zina rangi moja kwa sababu zote ni ubavu. Bawa la taa lina upande wa juu na upande wa chini. Kwa hiyo weupe unaouona pale ni tumbo la bawa limegeuka kuelekea kamera.

Je, ni mkubwa kiasi gani? Umenieleza kwamba boti inayoonekana nyuma ni ya mita 7. Kwenye picha ya kwanza nafasi kati ya ncha mbili ni pungufu kidogo ya nusu ya boti hiyo. Mtu wa haraka atasema mita 3 na kitu. Lakini boti iko nyuma ya mnyama, na kitu kilicho mbali huonekana kidogo kuliko kilivyo. Ukimpima mnyama aliye karibu kwa boti iliyo mbali, utamkuza. Kwa upande mwingine, mabawa yakiinuliwa ncha husogeleana, kwa hiyo upana halisi wa mwili ni zaidi ya nafasi hiyo. Makosa haya mawili yanavutana na siwezi kujua lipi limeshinda. Ninachoweza kusema ni kwamba huyu si taa mdogo.

Hapo ndipo ninaposimama. Manta ana mdomo mbele kabisa ya kichwa. Ndugu zake wengine wenye pembe wana mdomo uliorudi chini ya kichwa. Hiyo ndiyo tofauti ya kutegemea, na ncha za mabawa haziwezi kuionyesha. Baadhi ya hao ndugu hufikia upana wa zaidi ya mita 3, kwa hiyo ukubwa peke yake haunisaidii. Ukiandika kwenye daftari lako, andika "taa mwenye pembe, mkubwa, aina haikuthibitika". Maneno hayo yana thamani kuliko "manta" iliyobahatishwa.

Sasa nahodha wako. Simlaumu, maana hapo Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi potwe huja kula karibu na ufuko, wakifuata makundi ya vidudu vya baharini jamii ya kamba wadogo, na kazi ya nahodha ni kuwatafuta. Jicho lililozoea kutafuta potwe litamwona potwe. Lakini potwe angekupa mapezi mbele na nyuma, na pezi lake la mgongoni ni pana, limekaa nyuma sana mwilini, tena lina madoa meupe kama mgongo wake wote. Hata kama mwanga ungeyaficha madoa, mpangilio wa mbele na nyuma usingebadilika. Na nikutoe wazo moja ambalo wengi wanalo: wakati wa kusi potwe hawahami wote. Utafiti wa vifaa vya sauti vilivyofungwa kwenye miili yao, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba wengi wao hubaki maji ya Mafia mwaka mzima, ila husogea mbali na ufuko na kushuka chini wasikoonekana. Kwa hiyo tarehe peke yake haiwezi kumtoa potwe kwenye orodha, wala kumwingiza.

Siku ukimpata potwe kweli, usihangaike na pezi. Piga ubavu wa kushoto, kuanzia nyuma ya mpasuko wa tano wa matamvua hadi usawa wa mwisho wa pezi la kifua. Madoa ya sehemu hiyo hayafanani kati ya potwe mmoja na mwingine, na ndiyo yanayotumika kuwatambua mmoja mmoja duniani kote. Programu ya kwanza ya kuyalinganisha ilitokana na hesabu zilizobuniwa na wataalamu wa elimu ya nyota kwa ajili ya kulinganisha picha za nyota. Madoa meupe kwenye ngozi nyeusi yaliwapa kazi ileile.

Kwa papa wengine wa maji yetu, pezi peke yake linafikisha mtu karibu tu. Papa mdogo wa miamba mwenye ncha nyeusi, anayepita kwenye maji ya magotini, unaweza kumtaja: weusi wa ncha yake umekatwa wazi, na chini yake kuna mkanda wa rangi hafifu unaoutenga na pezi lingine. Lazima uuone huo mkanda, na mwanga uwe unatoka nyuma yako. Ukipiga picha kuelekea jua, utakuwa na "ncha nyeusi" kwenye kila papa wa Bahari ya Hindi. Wale wa kijivu wakubwa wanafanana mno. Hata mimi nikiletewa pezi lao peke yake naandika "papa wa kijivu" na kufunga.

Twende kwenye mzoga, ambao kwangu ndio uliofurahisha zaidi, ijapokuwa habari yake si ya kufurahisha.

Mzoga una faida moja ambayo pezi haina: unaweza kuugeuza. Bahati nzuri mtu fulani aliugeuza, maana picha ya tumbo ndiyo yenye jibu. Mipasuko ya matamvua, mitano kila upande, iko chini, pande mbili za kifua, nyuma ya mdomo. Kwa papa ingekuwa ubavuni. Hii ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu haijali rangi, ukubwa wala nani amekata nini. Samaki wa gegedu mwenye matamvua ubavuni ni papa. Mwenye matamvua tumboni ni taa, hata awe na mapezi mawili yaliyosimama mgongoni na mkia wa papa. Nadhani mzee wenu aliangalia hapo hapo. Wavuvi wa jarife wa siku nyingi huwageuza samaki hawa bila kufikiri.

Tukishajua ni taa, maswali yanapungua sana, kwa sababu taa wenye mwili mrefu wa namna hii ni wachache: charawanza wa kichwa cha kabari, wale ndugu zao wembamba wenye umbo la gitaa, yule mwenye kichwa cha mviringo na matuta ya miiba mgongoni, na papa upanga, ambaye licha ya jina lake naye ni taa.

Sasa tazama majeraha. Watu wengi wakiona mapezi yamekatwa wanakata tamaa, lakini aliyekata amekuachia ramani. Kwenye mzoga wako kuna vidonda vitatu. Viwili viko kwenye mstari wa mgongo, virefu, vyeupe katikati, na pembezoni ngozi imeanza kujikunja kwa jua. Cha tatu kiko chini ya mkia. Mapezi mawili mapana ya mbele yako palepale.

Hilo la mwisho lilinigutusha kabla sijafika picha ya tumbo. Papa anapokatwa mapezi kwa ajili ya biashara, ya kifua huondoka pamoja na la mgongoni. Mkata mapezi hawezi kuyaacha, yana bei. Kwa charawanza mapezi ya mbele yameungana na kichwa na ubavu, si kitu cha kukata kwa pigo moja, na thamani iko kwenye yale mawili ya mgongoni na ncha ya chini ya mkia. Vidonda viwili juu na kimoja chini ya mkia, mbele pazima: huo ndio mkato wake.

Kidonda cha mkia kina neno jingine la kusema. Wale wembamba wa umbo la gitaa hawana ncha ya chini ya mkia inayojitokeza, kwa hiyo pale hapana cha kukata. Ukiona mtu amekata chini ya mkia, basi palikuwa na ncha. Linganisha pia kidonda cha kwanza cha mgongoni na mapezi ya tumboni, ambayo hayakuguswa. Kwenye picha yako ya ubavuni kidonda kinaanzia usawa wa mapezi hayo. Wale wa umbo la gitaa pezi lao la kwanza la mgongoni liko nyuma sana, limeyapita kabisa mapezi ya tumboni. Ushahidi wa aina mbili, jibu moja.

Kabla ya kufunga faili ilinibidi nimwondoe papa upanga, kwa sababu naye ana mapezi mawili ya mgongoni, la kwanza liko mbele vilevile, na upanga wake hukatwa kuwa pambo. Mzoga wa papa upanga uliokatwa pua unaweza kumchanganya yeyote. Kwa hiyo nilikuza picha ya kichwa. Pua ni nzima hadi nchani, na pande zake ngozi ni nyembamba kiasi kwamba mwanga wa jua unapenya kidogo. Hakuna jeraha. Mdomoni, ule ufizi ulioonekana una meno madogo bapa yaliyopangwa kwa karibu, ya kusagia kaa na chaza. Mgongoni kuna mstari wa vijiba vya miiba mifupi, si matuta makubwa, na kichwa kina ncha, kwa hiyo yule wa kichwa cha mviringo naye ametoka.

Aina gani ya charawanza? Pwani yetu ina zaidi ya moja, na kinachowatenga kwa macho ni doa jeusi karibu na kila bawa pamoja na idadi na mpangilio wa madoa meupe yanayolizunguka. Kwa samaki wakubwa madoa hufifia, na kwa mzoga uliokaa juani ngozi hubadilika kuwa ya udongo. Wako umefika hapo. Nimejaribu kuongeza mwanga kwenye picha nikaona kitu kama doa, lakini nikiacha kukitafuta sikioni tena, na doa la namna hiyo silihesabu. Jinsia yake naijua: hana vile vijiti viwili vya uzazi pembeni mwa mapezi ya tumboni, kwa hiyo ni jike.

Aina ingethibitishwa kwa kipande cha nyama kisichozidi ukucha, kilichotiwa kwenye kichupa cha spiriti kali isiyochanganywa maji mengi. Si formalini, ile huharibu vinasaba. Kazi hiyo mwachie afisa uvuvi au watu wa hifadhi ya bahari, kwa sababu samaki hawa mwaka 2019 waliwekwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, na mwaka huohuo karibu aina zote za kundi lao zilitangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kipande cha nyama mfukoni mwako kinaweza kuleta maswali usiyoyahitaji.

Mzoga huu ulikuwa mbichi kiasi. Ukikaa zaidi mambo hugeuka, na hapo ndipo hadithi za majitu ya baharini huzaliwa. Papa mkubwa akioza, taya na matamvua huanguka kwanza, linabaki fuvu dogo la kichwa mbele ya uti mrefu, unaoonekana kama shingo. Ncha ya chini ya mkia haina uti ndani yake, nayo hudondoka. Uti huenda kwenye ncha ya juu tu. Mwaka 1977 meli ya uvuvi ya Kijapani, Zuiyo Maru, ilivua mzoga wa namna hiyo karibu na Nyuzilandi, na magazeti yakaandika juu ya mnyama wa kale mwenye shingo ndefu. Vipimo vya nyuzi za mapezi vilielekeza kwenye papa. Potwe aliyeoza kwenye ufuko wetu angeonekana vivyo hivyo, na watu wangesema nyangumi.

Ukimkuta wa hivyo, tafuta pingili moja ya uti. Ya papa au taa ni duara fupi lililobonyea pande zote mbili, halina mabawa marefu ya mfupa. Ya nyangumi ina nyuso bapa na mabawa yanayotoka pembeni na juu. Kisha tazama palipokuwa na pezi: la papa linapooza huacha nyuzi ngumu za rangi ya manjano hafifu, nyingi kama tambi, na wenye pua nyepesi watapenda kuzitazama wakiwa upande unaotoka upepo. Nyangumi hana nyuzi hizo. Ndani ya pezi lake la mbele kuna mifupa ya kiganja.

Safari nyingine usipige picha nne, piga video. Sekunde 20 za pezi linalosogea zinanipa mwendo, na mwendo ndio niliolazimika kuukisia kutoka kwenye picha zako. Shikilia simu kwa ulalo, usikuze kwa vidole kwa sababu unaharibu picha bila kupata chochote, na mwombe nahodha azunguke jua liwe mgongoni kwako, bila kumkimbiza mnyama. Kwa mzoga nahitaji ubavu mzima, tumbo likionyesha mdomo na matamvua, mgongo kuanzia macho hadi nyuma ya mabawa yakiwemo madoa, na mkia peke yake. Weka kandambili kando ya mzoga, siyo juu yake, uniambie ni namba ngapi. Picha yenye mtu aliyesimama nyuma ya samaki haifai kwa kipimo, kwa sababu ileile ya boti yako.

Na kama mkia ni mwembamba wa mjeledi, usiugeuze kwa mkono. Mwiba wa nyenga hauna habari kwamba mwenyewe amekufa. Sumu yake bado inauma saa nyingi baadaye. Tumia ubao au kasia. Akichomwa mtu, tia jeraha kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha mpeleke zahanati, kwa sababu vipande vya mwiba hubaki ndani.